Mwongozo kamili: kurekodi nyayo na mlio wa mlango nyumbani pale sauti ya lokesheni ikigoma

Wadau wa filamu wa Kigoma na kwingineko, hii ni kwa nyie mnaoshuti kwa simu au kamera ndogo, mkifika kwenye kuedit mnakuta picha imetoka safi ila sauti imejaa upepo wa ziwa na bodaboda. Maongezi mara nyingi yanaokoleka maana maiki ilikuwa karibu na mdomo wa mwigizaji. Kinachokufa ni nyayo, mlango, nguo, vile vitu vidogo vinavyomfanya mtazamaji aamini kwamba yule mtu yuko pale kweli. Dawa yake ni foli, yaani unaziigiza hizo sauti upya nyumbani huku unaangalia picha. Jack Foley alikuwa akiifanya kazi hii pale studio za Universal, Marekani, tangu filamu zilipoanza kupata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, na mpaka leo studio kubwa bado zina watu wanaotembea mbele ya maiki.

Nitaenda na tukio moja tu mwanzo mpaka mwisho ili uelewe kila kitu kinaingia wapi. Tukio lina sekunde 38, nyumba ya kizamani Ujiji. Binti anatoka barabarani amevaa kandambili, anapita kwenye uwanja wa mchanga hatua kumi na moja, anapanda baraza la saruji hatua tatu, anavua kandambili, anafungua mlango wa mbao uliozeeka, anaingia peku hatua nne, anaufunga nyuma yake. Hamna maongezi. Sauti ya lokesheni ni upepo unapiga maiki "buff buff" mwanzo mwisho na pikipiki inapita katikati, kwa hiyo tunaizima yote na kujenga upya.

Kwanza tengeneza picha

Watu wengi wanaruka hapa alafu wanakuja kulalamika kwamba nyayo zinalingana mwanzoni, mwishoni zinachelewa. Simu nyingi zinashuti kwa kasi ya fremu inayobadilika badilika, saa nyingine fremu 30 kwa sekunde, saa nyingine 28, kutegemea na mwanga. Programu ya kuedit inaweza kuisoma vibaya na sauti ikateleza. Kama kwenye kompyuta una ffmpeg, ile programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, pima hivi:

```
ffmpeg -i tukio.mp4 -vf vfrdet -an -f null -
```

Mwisho wa maandishi utaona mstari wenye VFR: na namba. Ikiwa 0.000000 uko salama, ikizidi hapo ujue fremu zinabadilika, basi igeuze iwe kasi moja kabla hujafanya chochote:

```
ffmpeg -i tukio.mp4 -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 18 -c:a copy tukio_25.mp4
```

Hiyo 25 weka ile ambayo mradi wako wote unatumia, kama filamu yote iko kwenye 30 weka 30. Kwa fremu 25, fremu moja ni milisekunde 40, ikumbuke hiyo namba tutaihitaji mbele.

Jambo lingine, hakikisha edit ya picha imeshafungwa. Ukirekodi nyayo leo, kesho dairekta akakata sekunde mbili za uwanjani, kazi yako yote inahama.

Alafu kaa na tukio bila sauti, uandike kwenye daftari kila kinachogusana na kitu kingine. Kwa hili la binti mimi ningeandika hivi: nyayo za kandambili mchangani, nyayo za kandambili kwenye saruji, kandambili mbili zinavuliwa (moja inaanguka ubavu, itazame vizuri kwenye picha), mkono unashika komeo, komeo linavutwa, bawaba zinalia, mlango unaburuza chini, nyayo peku, mlango unagonga fremu, komeo linarudi, na kitenge kinachochakacha muda wote. Kila kimoja kitarekodiwa peke yake. Usijaribu kufanya mlango na nyayo kwa mpigo eti kwa sababu kwenye picha vinatokea pamoja, maana ukikosea kimoja umekosea vyote na huwezi kuvitenganisha tena.

Ukimya ndio kifaa cha bei kubwa kuliko vyote

Nyayo ni sauti ndogo. Ili isikike inabidi uiongeze, na ukiiongeza unaongeza pia friji, feni, jirani na redio yake. Kwa hiyo kabla ya kuwaza maiki waza saa na mahali.

Kigoma mchana ni shida, upepo unatoka ziwani, na kiangazi ule wa kusi unavuma siku nzima. Masika ndo usiseme, mvua kwenye bati inameza kila kitu, na ikikatika vyura wanaanza. Muda unaolipa ni usiku mkubwa, saa nane mpaka saa kumi hivi, kabla ya adhana ya alfajiri na kabla ya jogoo. Kama unakaa karibu na Kibirizi au Katonga kuna kitu kingine, mitumbwi ya dagaa inarudi na injini zake alfajiri na sauti ya injini inasafiri mbali sana juu ya maji. Hapo tumia kipindi cha mwezi mpevu, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi wanapumzika, usiku wa mwaloni unatulia kabisa.

Chumba chagua chenye vitu vingi laini. Chumba kitupu cha saruji na bati juu kinakupa mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki. Simamisha godoro nyuma ya mahali utakapotembea, tundika mablanketi mazito pande mbili. Ukipiga kofi moja na ukasikia "pa" kavu bila mkia wa "nnng" nyuma yake, chumba kimekubali. Zima friji ukutani, sio kusubiri ijizime yenyewe, na weka funguo za nyumba ndani ya friji ili usije ukasahau kuiwasha tena. Simu unayorekodia iweke hali ya ndege.

Maiki na mipangilio

Ukiwa na rekoda ndogo au maiki ya kondensa sawa, ila simu inatosha kwa kazi hii kama utaishinda tabia yake moja, ambayo ni kujiongeza na kujipunguza sauti yenyewe. Simu imetengenezwa kwa maongezi, kukiwa kimya inapandisha, ukipiga kishindo inashusha. Kwenye nyayo hilo ni sumu, kila hatua itakuja na pumzi ya "hsss" inayovimba baada yake.

Pima hivi: anza kurekodi, kaa kimya sekunde kumi, piga kofi moja kubwa, kaa kimya tena kumi. Sikiliza kwa hedifoni. Kama mara baada ya kofi ule ukimya unazama alafu unapanda polepole, ndo kenyewe. Tafuta apu ya kurekodi inayokuruhusu kuchagua chanzo cha maiki, uchague kile kisichochakatwa, na uzime kupunguza kelele na kujirekebisha kwa sauti. Ukikuta simu yako haikubali kabisa, azima simu nyingine, hilo huwezi kulirekebisha baadaye.

Rekodi kwa WAV, 48000 Hz, biti 24 kama ipo, 16 kama haipo. Kiwango kipange hivi kwamba hatua nzito kuliko zote ifike kati ya desibeli -12 na -6, isiguse 0. Ikigusa 0 inakwaruza na huo mkwaruzo haufutiki.

Maiki isikae kwenye sakafu unayotembea, mtetemo unapanda moja kwa moja. Iweke juu ya kigoda chenye taulo iliyokunjwa mara kadhaa, ile ncha yenye maiki ielekee miguu. Umbali ndio unaoamua mtazamaji atahisi yuko wapi. Kwa picha inayoonyesha miguu kwa karibu weka sentimita 40 hivi, kwa picha ya mtu mzima kutoka mbali kidogo weka mita moja mpaka moja na nusu. Ukirekodi zote kwa sentimita 20 kwa kutaka sauti nene, kwenye picha ya mbali zitasikika kama mtu anatembea ndani ya sikio lako, na kushusha sauti hakusaidii, zitakuwa ndogo lakini bado ziko karibu.

Wewe mwenyewe vaa nguo za pamba zinazobana, vua saa, vua bangili, toa chenji mfukoni. Tumia hedifoni za waya. Za bluutuuthi zinachelewesha sauti vya kutosha kukuharibia muda wa kila hatua.

Nyayo za mchangani

Hapa ndo penye utamu na ndo penye kazi. Utatembea papo hapo, bila kwenda mbele, ndani ya sanduku la mchanga. Beseni la plastiki linajulikana, lina mlio wa plastiki unaotoka chini, na karai la bati ni baya zaidi. Chukua kasha la mbao la nyanya au pigilia mbao nne ziwe fremu ya kama sentimita 80 kwa 80, chini tandika gunia mara mbili, mwaga mchanga kina cha sentimita sita saba. Uhakikishe mguu hauendi kugonga sakafu, ukisikia "dum" chini ya "shsh" ongeza mchanga.

Mchanga wenyewe usichukue tu wa ziwani ukadhani kazi imeisha. Ule laini mkavu ukiukanyaga maiki inasikia "fff" tu, kama mtu anapumua. Uwanja wa nyumba za Ujiji una mchanga mchanganyiko na udongo na vijiwe, kwa hiyo changanya na konzi kadhaa za changarawe ndogo mpaka usikie ule mkwaruzo mdogo ndani ya hatua. Ukiwa na unyevu unakuwa bubu, uanike juani siku nzima kabla.

Sasa kandambili. Sikiliza mtu anayetembea na kandambili, utagundua hatua moja ina sauti mbili. Ya kwanza ni soli kukanyaga chini. Ya pili inakuja mguu unaponyanyuka, kisigino kinaachana na kandambili alafu kandambili inarudi kukipiga, "tap". Mchangani ile ya kwanza ni laini na ya pili ndo inasikika zaidi, kwenye saruji zote mbili zinasikika sana. Ukitembea papo hapo kawaida kisigino hakinyanyuki vya kutosha na ile "tap" inapotea, matokeo yake sauti inakuwa ya raba sio ya kandambili. Kwa hiyo kila hatua nyanyua kisigino kwanza, vidole vibaki vimebana kile kikamba, ndo unyanyue mguu mzima. Pia tupa vidole nyuma kidogo unapoondoka ili mchanga urushwe, ule mrusho mdogo ndo unaomwambia msikilizaji kwamba mtu anasonga mbele.

Uzito je? Binti wa kwenye picha anaweza kuwa na kilo 50 na wewe una 80. Usikanyage kwa kisigino chote, weka uzito mwingi kwenye mguu uliobaki na ule unaotua utue kwa sehemu ya mbele. Mwigizaji akiwa mzito fanya kinyume, tua na kisigino, alafu vidole, uache goti lilegee. Na angalia mabega ya mwigizaji kuliko miguu yake. Miguu mara nyingi imekatwa na fremu, mabega yanakwambia mwendo, kila hatua bega linashuka kidogo, ukilifuata bega huchelewi.

Kulinganisha muda: kwenye edit weka mipigo mitatu ya "pii" kila sekunde moja kabla tukio halijaanza. Cheza picha kwenye laptopu ukiwa na hedifoni, simu inarekodi upande wake. "Pii" ya tatu ikilia gonga kidole kwenye kile kigoda mara moja. Baadaye kwenye taimlaini unashika kile kilele kimoja cha wimbi, yaani pale kidole kilipogonga, unakiweka juu ya "pii" ya tatu na rekodi nzima inakuwa imekaribia mahali pake.

Tembea tukio lote bila kusimama hata ukikosea hatua ya sita. Rekodi mara kadhaa mfululizo, alafu chagua iliyo na mwendo wa mtu, hata kama hatua mbili zimehama utazisogeza. Kunakili hatua moja nzuri na kuibandika mara kumi na moja ni kosa ambalo sikio linalikamata hapo hapo, inakuwa mashine.

Hatua tatu za saruji rekodi peke yake, kwenye sakafu halisi ya saruji, umeifagia. Lakini ile hatua ya kwanza ya kupanda baraza bado ina mchanga chini ya kandambili. Nyunyiza mchanga kidogo sana hapo, ya pili upungue, ya tatu usiwepo. Hakuna mtazamaji atakayekuambia ameona, ila bila hiyo anahisi kama binti amehamia sehemu nyingine ghafla. Za peku ndani zinahitaji unyevu kidogo kwenye nyayo, pangusa kwa kitambaa kibichi, ile ngozi ikiachana na saruji inatoa kile kinata kidogo ambacho mguu mkavu hautoi.

Mlango

Mlio wa mlango unatoka kwenye bawaba, chuma kikavu kinashikana alafu kinaachia, kinashikana kinaachia, mara nyingi kwa sekunde. Ukiusukuma polepole sana unasikia "tk tk tk" moja moja, ukiongeza mwendo zinaungana kuwa "kriiii", na kadiri unavyoongeza mwendo ndo mlio unavyopanda juu. Ukijua hilo unaweza kuupiga mlango kama unavyotaka. Kwa binti anayeingia kwake kwa kawaida, mwendo uanze taratibu uongezeke alafu ufe. Ukiwa unataka tukio la wasiwasi ubaki kwenye ule mwanzo wa "tk tk" na usimame katikati.

Tafuta mlango wa zamani usiopakwa grisi. Ujiji nyumba zenye milango hiyo hazikosekani, na kuomba hakuna ugumu, unapiga hodi, "Shikamoo bibi, naomba kurekodi mlio wa mlango wako," atakushangaa, "Marahaba mjukuu wangu, huo mlango unanikera kila siku, wewe unaufuata?" na utaruhusiwa. Omba uje saa iliyotulia na umwombe asipake mafuta kabla hujaja.

Maiki iweke sentimita 15 mpaka 20 kutoka kwenye bawaba inayolia, kwa kawaida ni ya juu, sikiliza kwa sikio kwanza. Shika mlango upande wa komeo na ujaribu kuubonyeza chini huku unausogeza, alafu kuunyanyua juu kidogo, uzito ukibadilika kwenye bawaba mlio unabadilika kabisa. Hapo utapata milio mitano sita tofauti kutoka mlango mmoja.

Ukikosa mlango, kiti cha mbao kilicholegea viungo kinafanya kazi vizuri sana, kaa juu yake uzungushe kiuno polepole maiki ikiwa karibu na kiungo. Kitanda cha chaga pia. Mlio wa kiti unakuwa wa juu kuliko wa mlango mkubwa, ukiushusha nusu toni nne tano kwenye programu unakuwa mlango mzito. Usishushe zaidi ya hapo, unaanza kusikika kama sauti inayozama.

Lakini kriiii peke yake sio mlango. Mlango wa binti una komeo kabla, una ubao unaoburuza sakafu, una kishindo unapogonga fremu. Komeo rekodi kwa karibu, sentimita 20, na urekodi pia mkono unavyolishika kabla halijavutwa, ule mguso mdogo wa vidole kwenye chuma. Mburuzo, chukua kipande cha mbao ukiburuze kwenye saruji yenye vumbi, bonyeza zaidi mwishoni pale mlango unapokwama. Kishindo cha kufunga rekodi ukiwa ndani ya chumba, mita mbili kutoka mlangoni, kwa sababu kamera nayo iko ndani wakati huo. Mwisho chukua kitenge, kisugue taratibu mbele ya maiki ukifuata mwili wa binti tukio zima. Utaiweka chini kabisa, karibu haisikiki, ila uizime uone tukio linavyokufa.

Kwenye taimlaini

Mimi natumia Reaper kwa sababu inaonyesha picha na haili kompyuta, DaVinci Resolve ya bure nayo inafaa ukiwa na mashine yenye nguvu. Audacity ni nzuri kusafisha klipu ila haionyeshi picha, kwa hiyo sio ya kulinganishia. Kila kundi lipe traki yake: nyayo, mlango, vitu vidogo, nguo, na mazingira.

Kwa kila hatua tafuta fremu ambayo soli imegusa ardhi na mguu umeacha kushuka. Weka mwanzo wa kishindo hapo. Ikichelewa fremu moja, zile milisekunde 40, hakuna atakayeona, macho yetu yamezoea sauti kuja nyuma ya tukio. Ikiwahi fremu moja au mbili inashtua, kwa sababu kwenye maisha hakuna sauti inayotangulia. Ukiwa na mashaka bora ichelewe kidogo kuliko iwahi.

Kata kelele za chini kwa ikwalaiza, chini ya 80 Hz kwa nyayo na mlango, chini ya 150 Hz kwa kitenge. Kipunguza kelele usikiegemee, kikizidi kinaacha mlio wa maji maji kwenye mwisho wa kila hatua, na kama unakihitaji sana maana yake urudi kurekodi saa tulivu zaidi.

Sasa mazingira. Ukicheza hizo nyayo peke yake zitasikika zimebandikwa juu ya picha, na watu wengi hapo wanadhani wamekosea nyayo, wanarudia bure. Kinachokosekana ni hewa ya mahali. Nenda kwenye ule uwanja Ujiji muda tulivu, maiki imekingwa na soksi nene dhidi ya upepo, rekodi dakika mbili tatu za pale pale bila kufanya kitu, kuku wa mbali, watoto wa mbali, upepo kwenye mwembe. Alafu ingia ndani ya kile chumba, dakika mbili nyingine. Kwenye taimlaini ya nje ikae sekunde zote za nje, mlango unapofungwa ya nje inashuka ndani ya nusu sekunde na ya ndani inashika. Hapo ndo nyayo zinakaa chini ya miguu ya binti.

Zile hatua za ndani ni kavu na chumba kwenye picha kina mwangwi. Unaweza kuweka riverbu ya programu, chumba kidogo, mkia wa nusu sekunde au chini yake, kidogo tu. Ila njia ninayoipenda zaidi, kama bado unafika kwenye nyumba ile, ni kucheza nyayo zako kwa spika ndogo iliyokaa sakafuni pale pale na kuzirekodi tena kwa simu iliyosimama ilipokuwa kamera. Chumba chenyewe kinakupa mwangwi wake. Changanya hiyo na ile kavu mpaka ikae.

Kiwango cha sauti, anza na nyayo za nje zikiwa zinafika desibeli -30 hivi, alafu panda mpaka uzisikie kwa shida, yaani ukiangalia picha huziwazi lakini ukizizima unashtuka. Kriiii ya mlango inaweza kufika -20 kwa sababu ndo tukio lenyewe.

Palipo na maongezi

Foli ina mpaka. Kama nyayo mbaya za lokesheni ziko chini ya maongezi huwezi kuzitoa, na ukiweka zako juu utasikia hatua mbili mbili, "ta-tap ta-tap", kana kwamba binti ana miguu minne. Ukisikia hivyo una njia mbili. Kama nyayo za lokesheni zinasikika wazi ziache hizo hizo na wewe uzime zako kwenye maneno, uzirudishe kwenye nafasi kati ya sentensi ambapo sauti ya lokesheni umeikata. Kama zinasikika kwa mbali, weka zako haswa juu yake, ndani ya fremu moja, mpaka ziungane kuwa kishindo kimoja. Zaidi ya hapo ni kumwita mwigizaji arudie maneno.

Ukimaliza toa faili mbili. Moja mchanganyiko kamili, nyingine foli na mazingira bila neno hata moja la maongezi, WAV 48000 Hz, zote zianze sekunde ile ile ya picha. Hiyo ya pili usiifute. Kwa sisi wa Kigoma tuna watazamaji ng'ambo ya pili ya ziwa na Burundi, na siku mtu akitaka kuingiza sauti za Kirundi au Kifaransa atahitaji hizo nyayo na huo mlango vikiwa vimetengana na Kiswahili, la sivyo itabidi usimame tena kwenye sanduku la mchanga saa nane usiku. Ipe jina linaloeleweka, mfano tukio07_foli_25.wav, ile 25 ikiwa kasi ya fremu, na kwenye folda hiyo hiyo bakiza rekodi zako zote mbichi za bawaba na komeo, maana mlango wa bibi utakufaa kwenye matukio mengine mengi na huenda mwakani ameshaupaka mafuta.